Bakapu ipo, wateja hawaonekani: kutafuta kasoro kabla simu haijaibiwa

Zima simu yako, iweke kabatini, kisha kaa mbele ya kompyuta au simu ya mtu unayemwamini. Fungua dirisha fiche kwenye kivinjari na ujaribu kuingia kwenye akaunti yako ya Google. Ukifanikiwa, angalia mambo manne: namba za wateja kwenye contacts.google.com, picha kwenye photos.google.com, mafaili ya hesabu kwenye drive.google.com, na orodha ya bakapu za simu na za WhatsApp kwenye drive.google.com/drive/backups. Unachokiona hapo ndicho utakachobaki nacho simu ikiibiwa au ikitumbukia majini. Usichokiona, hesabu kwamba huna, hata kama simu yenyewe imekuandikia kwamba bakapu imekamilika.

Ni wachache wanaovuka jaribio hili mara ya kwanza, na wanapokwama huwa ni kwa sababu zilezile. Nimezipanga hapa kwa dalili, nikianza na ile inayofunga mlango wa nyingine zote. Nimechukulia kwamba unatumia Android. Mwenye iPhone nitamfikia baadaye. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, na kwenye simu yako yanaweza kuwa yamekaa mahali tofauti kidogo.

## Dalili: nenosiri ni sahihi, lakini akaunti haifunguki

Umeandika nenosiri, likakubaliwa, kisha Google ikakuambia ubonyeze "Yes" kwenye simu yako, au ikatuma msimbo kwa SMS kwenye laini iliyomo ndani ya simu hiyohiyo. Simu iko kabatini, imezimwa. Hapo ndipo utakapokwama siku ya wizi, na data yako yote itakuwa salama mahali usipoweza kuifikia.

Sababu ni kwamba njia zote za kuthibitisha kuwa ni wewe zinapita kwenye kifaa kimoja. Dawa yake ni karatasi. Washa simu, nenda myaccount.google.com, sehemu ya `Security`, kisha `2-Step Verification`. Ukishaiwasha utaona `Backup codes`: misimbo 10 yenye tarakimu 8 kila mmoja. Iandike au ichapishe, uitunze pale unapotunza leseni na hati zako. Usiipige picha kwa simu hiyohiyo. Kila msimbo hutumika mara moja tu, na ukiomba orodha mpya ile ya zamani inakufa. Kwenye akaunti hiyohiyo weka pia namba ya kurejeshea ambayo si yako, ya mwenzi wako au ndugu unayemwamini, na barua pepe ya pili ambayo unaweza kuifungua bila simu hiyo.

Kisha rudia jaribio. Google ikidai simu, bonyeza `Try another way`, chagua msimbo wa tarakimu 8, uandike mmoja wa kwenye karatasi. Umeupoteza msimbo mmoja, lakini sasa una hakika kwamba mlango unafunguka.

Ipo sababu nyingine inayowapata wengi: hujui nenosiri, pengine hata anwani yenyewe huijui, kwa sababu akaunti ilifunguliwa na muuza simu au fundi siku uliponunua, ili tu duka la programu likubali kufunguka. Wakati mwingine fundi huyo ametumia akaunti moja kwa wateja kadhaa. Usihangaike kuiokoa. Fungua akaunti yako mwenyewe, iongeze kwenye simu, hamishia namba na picha huko, hakikisha kwenye kompyuta kwamba zimefika, ndipo uitoe ile ya fundi.

## Dalili: simu ina namba 600, mtandaoni zipo 150

Kila namba unayohifadhi inakaa sehemu moja kati ya tatu: kwenye laini, kwenye kumbukumbu ya simu, au kwenye akaunti ya Google. Skrini inazionyesha zote kwa pamoja kana kwamba ni kitabu kimoja, na ndiyo maana watu hawashtuki. Za akaunti peke yake ndizo zinazoonekana contacts.google.com. Zilizo kwenye laini zinaondoka na laini, kwa sababu kampuni ya simu ikikupa laini mpya inakurudishia namba yako ya simu tu, si majina uliyoyahifadhi ndani ya ile ya zamani.

Ili kujua kila namba inakaa wapi, fungua programu ya Contacts ya Google na utazame akaunti moja moja: `Device`, SIM, na anwani yako ya barua pepe. Za kwenye laini ziingize kupitia `Organize`, kisha `Import from SIM`, na ukiulizwa pa kuziweka chagua akaunti yako. Za kwenye simu nenda mipangilio ya Contacts, tafuta `Google Contacts sync settings`, kisha washa kipengele cha kusawazisha namba za kifaa. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, badilisha mahali pa kuhifadhia namba mpya pawe akaunti ya Google. Usipofanya hivyo, wateja wa mwezi ujao wataanza tena kurundikana kwenye kumbukumbu ya simu.

Kuna kundi jingine lisiloonekana popote: wateja walioandika WhatsApp na hukuwahi kuhifadhi majina yao. Hao wanaishi ndani ya mazungumzo tu, na mazungumzo yakipotea wamepotea. Kwa mteja aliyeshalipa chochote, hifadhi jina siku hiyohiyo na uongeze neno la kumtambulisha, kama "Amina sare za shule". Ukija kutafuta kwenye orodha ndefu bila mazungumzo ya kukukumbusha, "Amina" peke yake haitakusaidia.

## Dalili: picha zimekwama tarehe fulani

Ukiona picha za karibuni hazimo kabisa, tazama kwanza nafasi. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa kati ya barua pepe, Drive, Photos na, kwa watumiaji wa Android, bakapu ya WhatsApp pia. Ikijaa, kupakia kunasimama, tena kimyakimya. Kinachojaza mara nyingi ni video zinazozunguka kwenye makundi, wala si picha za bidhaa. Fungua one.google.com/storage uone nani amekula nafasi, ufute video kubwa, na kwenye Photos uchague `Storage saver`, ambayo hupunguza ukubwa wa picha. Kwa picha ya risiti au ya gauni la mteja, tofauti huioni kwa macho.

Kama nafasi ipo, sababu inayofuata ni intaneti. Photos inaweza kuwa imesubiri wai-fai kwa miezi kwa mtu anayetumia bando peke yake. Ruhusu `Use mobile data` na uweke kikomo cha siku, au jiwekee siku ya kuunganisha simu kwenye wai-fai ya mtu. Hali ya kuokoa chaji nayo huikatiza programu inapofanya kazi nyuma ya pazia.

Dalili inayodanganya zaidi ni hii: picha ulizopiga kwa kamera zipo zote, lakini alizokutumia mteja hazimo hata moja. Photos hupakia folda ya kamera. Folda nyingine, zikiwemo za picha za WhatsApp na za picha za skrini, haziguswi mpaka uziruhusu moja moja kwenye `Back up device folders`. Kwa mtu ambaye uthibitisho wake wa malipo ni picha ya skrini aliyotumiwa na mteja, folda hiyo ina thamani kuliko ya kamera.

## Dalili: WhatsApp inasema hakuna bakapu

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo biashara nyingi zinapoishi na ndipo kosa moja la kidole halirekebishiki.

Ukiwa bado na simu yako, fungua `Settings`, `Chats`, `Chat backup`. Kwenye maelezo ya bakapu ya mwisho kuna mistari miwili. Mmoja ni `Local`, na karibu kila mara unaonyesha saa 8 usiku wa kuamkia leo, kwa sababu WhatsApp hujitengenezea nakala ndani ya simu kila usiku. Wengi wakiuona huo wanaridhika. Nakala hiyo imo ndani ya simu itakayoibiwa. Mstari wa kuutazama ni wa pili, wa Google. Ukiwa na tarehe ya miezi mitatu iliyopita, hicho ndicho kiwango cha hasara yako. Ukiwa mtupu, hujawahi kuwa na bakapu.

Tuseme mstari wa pili uko sawa, kisha simu ikaibiwa, na kwenye simu mpya WhatsApp inadai haijapata kitu. Yaangalie haya kwa mpangilio. Je, umejiandikisha kwa namba ileile? Bakapu imefungwa na namba, na ya laini nyingine haifunguki. Je, akaunti ya Google iliyomo kwenye simu hii mpya ndiyo ileile iliyopokea bakapu? Mwenye akaunti mbili hujikwaa hapa mara nyingi. Je, bakapu inaonekana kwenye drive.google.com/drive/backups? Ikionekana pale, ipo, na tatizo ni mojawapo ya hayo mawili ya juu. Hakuna sababu ya kuharakisha.

Tazama kilichompata fundi cherehani mmoja. Vipimo vya wateja wake vilikuwa ndani ya mazungumzo: kifua, kiuno, urefu wa mkono, rangi ya kitambaa, tarehe ya kuchukua, kiasi kilicholipwa. Simu ikaporwa. Kesho yake alirudishiwa laini, akapata simu nyingine, akaweka akaunti yake ya Google na kufungua WhatsApp. Ikamwambia imepata bakapu ya GB 4. Bando lake lilikuwa dogo na wateja walikuwa wakipiga simu, basi akabonyeza `Skip` akidhani atairudisha jioni. Kisha akaulizwa bakapu ifanyike mara ngapi, akachagua kila siku. Usiku ule simu mpya ikatengeneza bakapu ya mazungumzo ya siku moja na kuipakia juu ya ile ya GB 4. WhatsApp haiweki matoleo kadhaa ya bakapu ya mtandaoni. Mpya inaifuta ya zamani.

Yapo mambo mawili ambayo angeyajua, vipimo vyake visingepotea. La kwanza, WhatsApp inaporejesha huanza na maandishi, ambayo ni sehemu ndogo ya bakapu, kisha picha na video zinafuata taratibu. Vipimo vyake ni maandishi, vingeingia mapema. La pili, aliyekwama kwenye skrini ya kurejesha hana ulazima wa kubonyeza chochote. Anaweza kuifunga simu, akatafuta wai-fai, akarudi. Na aliyekwisha kubonyeza `Skip` aingie mara moja kwenye mipangilio, azime bakapu ya mtandaoni kabla ya usiku, aiondoe WhatsApp na kuiweka upya ili apewe tena nafasi ya kurejesha.

Fundi yule aliokoa sehemu ya kazi kwa njia ambayo watu huisahau: kila mazungumzo yana upande wa pili. Aliwaandikia wateja wenye oda ambazo hazijakamilika, akawaomba wamrudishie ujumbe wenye vipimo, na wengi walikuwa nao bado.

Tahadhari moja kuhusu bakapu iliyosimbwa, `End-to-end encrypted backup`. Ni nzuri, kwa sababu hata aliyeingia kwenye akaunti yako hawezi kuisoma. Lakini ukichagua kuilinda kwa nenosiri au kwa ufunguo wa tarakimu 64 kisha ukaupoteza, WhatsApp haina namna ya kukufungulia. Usiiwashe kabla hujaandika nenosiri hilo kwenye karatasi ileile ya misimbo.

## Dalili: hesabu za mauzo na madeni hazionekani mtandaoni

Kama unatumia programu ya kurekodi mauzo, ulizo la msingi ni hili: ilikuomba uingie kwa barua pepe au namba ulipoianza? Kama hukuingia popote, kuna uwezekano mkubwa kwamba data zake zimo ndani ya simu tu, na ukiiondoa programu zinafutika nayo. Tafuta kitufe cha `Export`, toa faili la CSV au Excel, ulipeleke Drive, kisha lifungue kwenye kompyuta. Usikubali jina la faili peke yake. Hakikisha mistari ya wiki hii imo. Nimewahi kuona faili lililotolewa kwa uaminifu kila Jumamosi ambalo ndani yake lilikuwa na vichwa vya safu bila mstari hata mmoja.

Anayeandika kwenye daftari ana kazi rahisi. Programu ya Drive ina kitufe cha `Scan`: unalaza ukurasa mahali penye mwanga, inanyoosha na kuuhifadhi kama PDF. Lipe faili jina linaloanza na mwaka na mwezi, kwa mfano "2026-01 madeni", ili yajipange yenyewe kwa tarehe.

Ujumbe wa SMS wa malipo unaingia kwenye bakapu ya simu yenyewe: `Settings`, `Google`, `Backup`. Mipaka yake ni miwili. Kwa kawaida unarejeshwa wakati wa kuanzisha simu mpya au iliyofutwa, na bakapu ya Android toleo jipya haishuki kwenye simu yenye toleo la zamani. Tena simu isipotumika kwa siku 57, bakapu hiyo inaweza kufutwa, kwa hiyo usikae miezi mitatu ukisubiri kununua simu nyingine. Mimi siwezi kuitegemea peke yake kwa kumbukumbu za pesa. Malipo makubwa yaandikwe kwenye jedwali au daftari siku hiyohiyo.

## Wenye iPhone

Jaribio ni lilelile, ila mlango ni icloud.com na nafasi ya bure ni GB 5, ambayo picha na bakapu ya simu huimaliza haraka. Namba zikiwa hazionekani kwenye Contacts ya iCloud, kagua kama swichi yake imewashwa, na kama namba mpya hazielekezwi kwenye akaunti nyingine. WhatsApp nayo huweka bakapu yake iCloud, na bakapu ya huko haifunguki moja kwa moja kwenye Android.

## Dalili: vyote vilikuwepo mtandaoni, na sasa vimefutika

Namba na picha zinasawazishwa, maana yake ukifuta kwenye simu zinafutika na mtandaoni. Mtoto anayechezea simu anaweza kufanya hivyo, na mwizi aliyeikuta simu haijafungwa pia. Una muda mfupi wa kurekebisha: picha zilizopakiwa zinakaa kwenye kikapu cha Photos siku 60, na kwenye contacts.google.com unaweza kurudisha orodha nzima kama ilivyokuwa wakati wowote ndani ya siku 30 kupitia `Undo changes`.

Nje ya muda huo unahitaji nakala isiyosawazishwa na chochote. Mara moja kwa mwezi toa namba zote kama faili la `.vcf`, liweke kwenye flashi pamoja na mafaili ya hesabu na picha za muhimu, kisha ichomoe na uitunze mahali tofauti na simu. Memori kadi iliyo ndani ya simu haihesabiki, itaondoka nayo.

## Simu imeshaondoka

Fanya haya kwa mfuatano. Kwa simu ya mtu mwingine fungua android.com/find na uifunge simu yako kwa mbali. Usiifute bado, kwanza tazama mtandaoni kilichofika, maana ikiwa bado ina intaneti inaweza kuwa inaendelea kupakia. Ukishaifuta, hutaweza kuifuatilia tena. Piga kampuni ya simu wazuie laini, na katika mazungumzo hayohayo uombe akaunti yako ya pesa izuiwe pia, kwa sababu mwizi anaweza kuchomeka laini yako kwenye simu nyingine na kupokea misimbo. Laini yenye PIN ya SIM inamzuia: akikosea mara 3 inajifunga mpaka apate PUK.

Kisha badilisha nenosiri la Google na uitoe simu ile kwenye orodha ya vifaa, kama umeshamalizana na kufunga na kufuta, kwani ukiitoa mapema hutaweza kuiamuru kwa mbali. Laini mpya itahitaji kitambulisho cha aliyeisajili, hivyo kama ya biashara yako imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hilo lirekebishe leo. WhatsApp iwe ya mwisho, ukiwa na laini, akaunti sahihi ya Google na wai-fai. Ikidai PIN ya hatua mbili ambayo umeisahau, na hukuwahi kuweka barua pepe ya kuirejeshea, utasubiri siku 7. Katika muda huo bakapu yako inabaki Google kama ilivyo, mradi usijiandikishe kwa pupa kwenye simu nyingine na kuanza bakapu mpya.